Hii Katriji Inaingia Printa Gani?

Jumatatu ya kwanza ya muhula, kabla sijamaliza kufagia mbele ya duka, simu ilikuwa imeshapokea picha. Mwalimu mmoja wa sekondari, upande wa Mpwapwa, alikuwa amepiga katriji nyeusi iliyolala juu ya dawati. Chini ya picha akaandika: "Kaka habari za asubuhi. Hii mnayo? Nataka mbili, tunaanza kuchapa majaribio wiki hii."

Picha ilikuwa safi. Niliona hadi mistari ya mbao za dawati na vumbi la tona kwenye kona moja. Ila katriji ilipigwa kwa upande wa tumbo, ule wenye kifuniko kinachokinga dramu, ile silinda inayong'aa, na upande huo hauna lebo. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ile ni katriji ya printa ya leza, ndogo, ya ukoo wa HP na Canon. Zaidi ya hapo ningekuwa nabahatisha kwa hela ya shule.

Hapa Dodoma picha za namna hii ndizo zinazoendesha biashara ya wino. Mteja yuko Kondoa, Kongwa, Bahi au Chemba, duka liko mjini, mzigo unakwenda kwa basi. Ukikosea namba, katriji inakwenda, inafunguliwa, inakataa, inarudi na basi la kesho ikiwa pakiti imeshachanwa, na kazi ya ofisi nzima imesimama siku mbili. Kwa hiyo nieleze hapa ninavyoisoma picha, kwa sababu wengi wanaamini kwamba umbo la katriji linatosha kuitambulisha.

Umbo linafanana, namba ndiyo inayotofautisha

Chukua katriji nne za HP ambazo karibu kila stesheneri ya mjini inazo: 35A, 36A, 78A na 85A. Ziweke mezani bila lebo, umwite mtu aliyezizoea achague. Atasita. Urefu ni ule ule, dramu iko mahali pale pale, kifuniko kinafunguka kwa mtindo ule ule. Tofauti ni vitu vidogo vya plastiki pembeni pamoja na chipu, na hivyo havionekani kwenye picha iliyopigwa kwa juu juu.

Lakini kila moja ina printa zake. 35A ni ya LaserJet P1005 na P1006. 36A ni ya P1505, M1120 na M1522. 78A ni ya P1566, P1606dn na M1536dnf. 85A, ambayo ndiyo inayotoka sana dukani, ni ya P1102 na P1102w, M1132, M1212nf na M1217nfw. Hata kurasa zinazotegemewa hazilingani: 85A orijino imepimwa kurasa 1,600, 78A kurasa 2,100, na hesabu hiyo ni ya ukurasa wenye maandishi machache, si mtihani wa Jiografia wenye ramani mbili.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye picha huwa moja: nigeuzie, nione lebo.

Kwenye lebo kuna namba nyingi, na hapo ndipo watu wanapopotea tena. Kuna mistari ya msimbopau, kuna tarehe, kuna namba ya toleo la kiwandani, kuna namba za haki za uvumbuzi. Zote hizo ziache. Tafuta namba ya kuagizia, ile ambayo kwa HP huanza na herufi moja au mbili, kisha tarakimu, kisha herufi ya mwisho: `CE285A`, `CB435A`, `CE278A`, `CF283A`, `Q2612A`. Ukiipata hiyo, kwa katriji nyeusi kama hizi jina fupi unalo tayari. Chukua tarakimu mbili za mwisho pamoja na herufi inayozifuata: `CE285A` ni 85A, `CB435A` ni 35A, `Q2612A` ni 12A. Kwa baadhi ya zile mpya zinazoanza na W unachukua tarakimu tatu za mwisho, kwa hiyo `W1106A` ni 106A. Mteja akinitumia picha ambayo lebo imekwanguka na imebaki "...283A" tu, bado najua ni 83A, na najua niulize kama printa yake ni M125, M127, M201 au M225.

Herufi ya mwisho nayo msiidharau. Wengi wanaamini A ni katriji ya kawaida na X ni ile ile iliyojazwa zaidi, kwa hiyo mwenye hela anunue X. Kuna printa ambazo ni kweli. Kuna ambazo si kweli. 05A inaingia P2035 na P2055, lakini 05X ni ya P2055 peke yake. 83A inaingia zote nne nilizotaja, lakini 83X inakubali M201 na M225 tu. Mwenye M125 au M127 hana X yake. Hili nalijua kwa sababu niliwahi kumtumia mteja wa Kondoa 05X kwa nia njema kabisa, nikijua nimempa yenye kurasa nyingi, na printa yake ilikuwa P2035. Haikukubali. Nauli ya kwenda na kurudi niliilipa mimi, na tangu siku ile herufi naisoma kwanza.

Canon na HP: mwili mmoja, majina mawili

Kuna swali linarudi kila wiki. Mtu ana Canon LBP6030 au MF3010, anaona picha ya katriji imeandikwa 85A na 725 kwa pamoja, anauliza mbona namba mbili, au ni feki?

Inawezekana kabisa ni kitu halali. Canon ndiye aliyetengeneza injini za uchapaji za LaserJet nyingi za HP kwa miaka mingi. Kwa hiyo printa ya HP na printa ya Canon zinaweza kuwa na moyo mmoja ndani ya maganda mawili tofauti, na katriji zake zikawa za umbo moja. 85A ya HP inalingana na 725 ya Canon, inayotumika kwenye LBP6000, LBP6020, LBP6030 na MF3010. 12A inalingana na 703 ya LBP2900 na LBP3000. 35A inalingana na 712. 83A inalingana na 737.

Canon wenyewe nao wanabadilisha tarakimu ya kwanza kulingana na soko. Hiyo 725 ya huku kwetu na Ulaya, Marekani inaitwa 125, na nchi nyingi za Asia ni 325. Ukiona picha ya katriji iliyoandikwa 325, kwa mfano imekuja na mzigo wa mtu kutoka nje, usiseme ni kitu kigeni. Angalia hizo tarakimu mbili za mwisho, 25, utajua ni ndugu yake 725.

Sasa tahadhari. Katriji orijino ya kampuni moja mimi siiuzi kwa printa ya kampuni nyingine, hata kama mwili unaingia. Printa ya HP inatafuta chipu yake, na isipoielewa itakuletea ujumbe kama `Supply memory error` kwenye kompyuta. Katriji za kopi, yaani zinazotengenezwa na viwanda vingine, zenye namba za kampuni zote mbili ndizo zilizotengenezwa zikae pande zote mbili, na hizo ndizo za kumpa mtu mwenye mchanganyiko wa printa ofisini.

Lebo iliyochanika ya mwalimu

Turudi Mpwapwa. Mwalimu aligeuza katriji, akapiga upya. Safari hii lebo ilionekana, ila ilikuwa imekwanguka upande wa kulia, pale ambapo vidole hushika kila siku inapochomolewa na kutikiswa ili imalizie tona ya mwisho. Nilichosoma ni hiki: `CB435A/436A/278A/`, kisha weupe wa karatasi iliyochubuka.

Mtu mwenye haraka angesema namba ya mwisho inayosomeka ni 278A, basi ni 78A, tuma mbili. Lakini ule mkwaju baada ya 278A unasema orodha inaendelea. Na namba tatu kwenye lebo moja zinasema jambo kubwa zaidi: hii si katriji orijino ya printa fulani, ni ile ya kopi inayotengenezwa kwa ajili ya familia nzima ya 35A, 36A, 78A na 85A.

Katriji ya familia haikuambii mteja ana printa gani. Inakuambia tu kwamba printa yake ni mojawapo ya kundi hilo refu nililolitaja juu. Kama anataka hiyo hiyo ya kopi, yenye orodha hiyo hiyo kamili, huna haja hata ya kujua printa. Itaingia kama ile ya zamani ilivyoingia. Lakini mwalimu akasema: "Safari hii tumepata fungu, mkuu wa shule anataka orijino." Hapo kila kitu kinabadilika. Orijino ina namba moja tu, na namba hiyo inategemea printa.

Nikamwomba picha ya tatu: printa kwa mbele, pale jina lilipoandikwa. Ikaja. Ilikuwa LaserJet M1132 MFP, ile yenye skana juu na kioo kilichojaa alama za vidole. Katriji yake, basi, ni 85A, ile namba ambayo ndiyo iliyokwanguka kwenye lebo. Ningetuma 78A orijino kwa kufuata nilichokiona, shule ingekuwa na katriji mbili mpya za bei ya juu ambazo hazifai.

Kuhusu jina la printa, muwe makini nalo vilevile. Jina la biashara huandikwa mbele au juu ya printa, kwa maandishi ya kupendeza. Nyuma au chini kuna kibandiko chenye namba ya udhibiti, ambayo kwa printa nyingi za leza za HP huanza na `BOISB`. Wateja wengi hugeuza printa, wakapiga kibandiko hicho na kunitumia hiyo namba wakidhani ndiyo modeli. Kwenye orodha za wino hutaipata.

Kama printa imefutika jina mbele, au iko chumba kingine na wewe uko kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo, fungua PowerShell ya Windows uandike:

```
Get-Printer | Select-Object Name, DriverName
```

Safu ya `Name` inaweza kuwa imebadilishwa ikaitwa "Uhasibu" au "Ofisi ya Mkuu". Ile ya `DriverName` ndiyo hubeba jina la kiwandani, kwa mfano `EPSON L3110 Series`. Mara chache mtu aliyeifunga printa huwa ameweka draiva ya modeli jirani ilimradi ichape, kwa hiyo jina hilo lilinganishe na printa yenyewe kila inapowezekana.

Chupa za wino: rangi ya njano haitoshi

Upande wa printa za tanki mambo ni tofauti kidogo. Picha zinazokuja ni za chupa, na nyingi zimepigwa zikionyesha rangi tu: "Naomba hii ya njano." Njano zipo nyingi. Za Epson peke yake hapa dukani nina njano za 664, 103, 101 na 673, na kila moja ina printa zake.

Epson huandika namba ya chupa kwa herufi kubwa kwenye lebo, na kwa bahati nzuri ni fupi. Chupa za 664 ni za mililita 70, na namba ndefu yake inabeba rangi ndani: `T6641` ni nyeusi, `T6642` bluu ya sian, `T6643` majenta, `T6644` njano. Ukiona tarakimu hiyo ya mwisho tu, umeshajua rangi hata kama picha ni ya kiza. Hizi ni za printa kama L110, L210, L220, L310, L355, L360, L365, L382, L486 na L565, zile za tarakimu tatu ambazo zimejaa kwenye vibanda vya kuchapa kuanzia chuo kikuu mpaka sokoni Majengo.

Chupa za 103 ni za mililita 65, na ni za kizazi kilichofuata: L1110, L3110, L3150, L3151, L3210, L3250, L5190, L5290. Kwa haraka ya dukani, mtu akiniambia printa yake inaanza na L3 na ina tarakimu nne, mkono wangu unakwenda kwenye rafu ya 103. Akiniambia tarakimu tatu, unakwenda kwenye 664. Lakini kanuni hiyo ni ya kuanzia tu, kwa sababu L800, L805 na L850 zina tarakimu tatu na bado ni za 673, printa za picha zenye rangi sita. Kinyume chake, L1300 ina tarakimu nne na inakunywa 664.

Mtego ulio mgumu kuliko yote kwenye chupa ni huu. Mteja anatuma picha ya chupa ya njano, 664, inasomeka vizuri kabisa. Anasema: "Nipe seti nzima, rangi zote nne." Ungedhani umemaliza. Lakini 664 ya rangi inaingia pia kwenye L605 na L655, na printa hizo nyeusi yake si 664. Nyeusi yake ni 774, chupa kubwa ya mililita 140. Wino wa 664 wote ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kwenye maji. Wa 774 ni wa pigmenti, yaani una chembe ndogo sana za rangi zinazoelea, ndiyo maana maandishi yake hayachuruziki ukidondoshea maji. Ukichanganya ndani ya tanki moja, au ukiweka wa pigmenti kwenye printa isiyotengenezwa kwa wino huo, unahatarisha hedi, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, kuziba. Printa ya tanki ni tofauti na ya katriji kwa hapo: katriji mbaya unaichomoa ukaiweka pembeni, lakini wino uliomiminwa umeshashuka kwenye mirija.

Kwa hiyo picha ya chupa ya rangi inakupa ruhusa ya kuuza rangi hiyo tu. Ukitaka kuuza seti, omba picha ya chupa nyeusi, au jina la printa. Chupa za 101 ndizo zinazonifundishia wasaidizi wangu jambo hili, kwa sababu tofauti inaonekana kwa macho. Rangi zake ni za mililita 70 na nyeusi ni ya mililita 127, na hiyo nyeusi ni ya pigmenti wakati rangi tatu si za pigmenti. Ni za L4150, L4160, L6160, L6170 na L6190. Shingo za chupa hizo zina umbo linalotofautiana kwa kila rangi, kwa hiyo nyeusi haiwezi kukaa kwenye tundu la njano. 664 hazina ulinzi huo. Pale ni jicho lako na mkono wako.

Canon na HP nao wana chupa. Kwa Canon, GI-490 ni ya G1400, G2400, G3400 na wadogo zake G1410, G2410, G3410. Kwa HP, GT52 ni chupa za rangi na nyeusi yake huitwa GT51 au GT53, kwa printa kama GT5810, GT5820, Ink Tank 315 na 415. Ukiona namba mbili tofauti kwenye seti moja ya HP, ndivyo ilivyo. Mteja akinitumia picha ya GT52 akataka "GT52 nyeusi", namwelewesha tu kwamba haipo.

Chupa ile ile, jina la nchi nyingine

Dodoma imekuwa na wageni wengi tangu wizara zihamie Mtumba, na wageni huja na vitu vyao. Mmoja aliniletea picha ya chupa ya Epson iliyoandikwa 003 akauliza kama ni ya L3110. Ndugu yake aliitoa Asia. Jibu ni ndiyo, kwa maana hii: 003 ni jina la chupa za L3110 na wenzake kwenye soko la Asia, kama 103 ilivyo jina lake huku kwetu. Amerika ya Kusini printa hiyo inaandikiwa 544. Ukisoma 003 kwenye picha, kundi la printa unalolitafuta ni lile lile la L3110. Na printa hiyo haina namna ya kuisoma chupa; hata kiasi cha wino unakiangalia wewe kwa macho kwenye dirisha la tanki.

Kwa katriji ndogo za HP mambo hayako hivyo hata kidogo, na hapa nimeona watu wakiumia. DeskJet 2130 iliyouzwa Afrika inatumia namba 123. DeskJet 2130 iliyouzwa Ulaya Magharibi inatumia 302. Jina la printa ni moja, mwili wa katriji ni mmoja, ukizishika mkononi huoni tofauti. Lakini chipu imeandikiwa soko, na printa ya huku ikiwekewa 302 itakataa na kusema katriji haiendani. Mama mmoja wa Area C alikuwa na binti yake masomoni Ulaya. Binti alipiga picha ya katriji dukani kule, akamtumia mama, mama akanionyesha: "Baba, si ndiyo hii? Printa ni 2130, kwenye boksi pameandikwa 2130." Boksi halikudanganya. Lilikuwa linazungumza na 2130 ya kule. Nilimshauri amwambie binti asinunue, tukaangalia katriji iliyokuwa ndani ya printa yake mwenyewe, ikawa 123 kama nilivyotarajia.

Ongeza na hili: DeskJet 2130 ni 123, lakini DeskJet Ink Advantage 2135 ni 652. Zinafanana kama mapacha na tofauti ya namba ya modeli ni tarakimu moja ya mwisho. Picha ya printa iliyopigwa kwa mbali, ambayo "0" na "5" hazitofautiani, haifai kuuzia katriji. Katriji iliyomo ndani ndiyo shahidi bora kwa printa hizi. Fungua mlango wa mbele, subiri kibebeo kitulie, piga picha ya lebo ya juu ikiwa bado imekaa mahali pake.

Jinsi ya kupiga picha inayosomeka

Weka kitu karibu na dirisha au chini ya kivuli cha kibaraza, kwenye karatasi nyeupe, lebo ikikutazama moja kwa moja. Zima mwanga wa kamera, kwa sababu lebo nyingi zinang'aa na mwanga ukipiga unafuta namba ile ile unayoitaka. Sogea mpaka lebo ijaze kioo cha simu, gusa kwenye maandishi ili kamera iyashike, halafu kuza picha na uisome mwenyewe kabla ya kuituma. Kama wewe huwezi kuisoma, mimi huku siwezi. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha, kwa hiyo kwa lebo yenye maandishi madogo chagua HD au itume kama faili.

Kuna kosa moja ambalo kwa jua letu la Dodoma ni la kuangalia sana. Mtu anachomoa katriji ya leza, anatoka nayo nje saa sita mchana ili apate mwanga mzuri, anafungua kile kifuniko cha tumboni ili "picha ionekane vizuri". Kile kijani au bluu kinachong'aa chini ya kifuniko ni dramu, na inaathirika na mwanga. Ikikaa juani unaweza kurudi na picha nzuri sana na katriji inayotoa mabaka meusi. Kifuniko kiache kimefungwa, lebo haiko huko. Katriji ikikaa nje ya printa, ifunike kwa kitambaa. Na tona ikikumwagikia mikononi, nawa kwa maji ya baridi. Ya moto yanaifanya ing'ang'anie.

Ukipiga, piga tatu: lebo ya katriji au chupa, jina la printa kwa mbele, na kwa printa za tanki, chupa nyeusi pamoja na ya rangi. Katriji iliyojazwa upya mtaani nayo inahitaji picha ya printa bila mjadala, kwa sababu anayejaza huchukua ganda lolote linaloingia na lebo ya zamani hubaki pale pale.

Mwalimu wa Mpwapwa nilimfungia 85A orijino mbili, nikazifunga kwa karatasi ngumu na gundi, zikapakiwa kwenye basi la mchana. Jioni akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza, mweusi na mnyoofu, mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili. Nilimwomba achukue kalamu ya wino mzito aandike ndani ya mlango wa printa: M1132, 85A. Muhula uliofuata ujumbe wake haukuwa na picha. Ulikuwa na maneno matatu: "Kaka, 85A, mbili."